Saa 24 za Katiba zinaweza kuisha Jumatatu jioni

Maandamano yakikaribia, kuna bango huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Maneno hubadilika kidogo lakini ujumbe ni ule ule: "Jua haki zako! Karao hawezi kukuweka ndani zaidi ya saa 24." Ni fupi, ni tamu, na inakaa kichwani. Shida ni moja tu: Katiba haisemi hivyo.

Tangu Juni 2024, vijana walipouchukua Mswada wa Fedha na kuanza kuufafanua kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani, kazi ya kurahisisha sheria imetoka mikononi mwa mawakili pekee. Sasa mtu yeyote mwenye simu na bando anaweza kuwasomea wenzake haki zao. Hiyo ni poa sana. Ila sheria ina vineno vidogo vinavyobeba mzigo mkubwa, na anayerahisisha ndivyo huwa wa kwanza kuvitupa. Tuchukue mfano mmoja tuukague vizuri: Kifungu cha 49, kilicho ndani ya Sura ya Nne ya Katiba ya 2010, kinachoeleza haki za mtu aliyekamatwa.

Kuhusu muda, kifungu hicho kinasema mambo matatu, na bango lilibeba moja tu. Kwanza, aliyekamatwa ana haki ya kufikishwa kortini haraka iwezekanavyo. Pili, haraka hiyo ina mwisho, nao ni saa 24 tangu akamatwe. Tatu, ikiwa saa hizo 24 zinaisha wakati ambao si saa za kawaida za korti, au siku ambayo si siku ya kawaida ya korti, mwisho unasogea hadi siku inayofuata ya korti itakapoisha.

Sasa weka hayo kwenye kalenda. Umekamatwa Ijumaa saa kumi jioni. Saa 24 zako zinaisha Jumamosi saa kumi jioni, na Jumamosi si siku ya kawaida ya korti. Kwa hivyo, polisi wana hadi Jumatatu korti inapofunga, na kama Jumatatu ni sikukuu, hadi Jumanne. Unaweza kukaa seli karibu siku tatu na Katiba ikawa haijavunjwa. Ndiyo maana, miaka michache iliyopita, Wakenya walikuja na lile jina la "kamatakamata Ijumaa", wakubwa walipokuwa wakitiwa pingu mwisho wa wiki. Siku hiyo haina uchawi wowote. Ni hesabu tu.

Na si wikendi pekee. Aliyekamatwa Jumanne saa nne asubuhi anafaa awe mbele ya hakimu kabla ya saa nne asubuhi Jumatano, kwa sababu wakati huo korti iko wazi. Lakini mwenzake aliyebebwa Jumanne hiyo hiyo saa mbili usiku, saa zake 24 zinaishia Jumatano usiku, korti imeshafungwa. Mwisho wake unasogea hadi Alhamisi jioni. Kituo kimoja, siku moja, mwisho tofauti.

Hapo bango limekuahidi kikubwa kuliko kilichopo. Lakini pia limekupunja. Kwa kuacha maneno "haraka iwezekanavyo", limegeuza saa 24 kuwa mgao wa polisi, kana kwamba zote ni zao wazitumie wanavyotaka. Sivyo. Saa 24 ni dari. Ukikamatwa Jumatatu saa mbili asubuhi, korti iko mtaa wa pili na hakuna kinachozuia upelekwe mchana huo, wakili wako anaweza kuuliza kwa nini ulilazwa ndani hadi Jumanne. Aliyesoma bango tu hajui kwamba swali hilo lipo.

Utasema, basi tuandike "siku moja" badala ya "saa 24", si ni kitu kimoja? Mtaani, ndiyo. Kwenye Katiba, hapana. Kifungu cha 259 kinaeleza jinsi ya kuhesabu muda, na muda ukiandikwa kwa siku, ile siku ya tukio la kwanza haihesabiwi. Ukiandika "siku moja", aliyekamatwa Jumatatu asubuhi atahesabiwa kuanzia Jumanne, na utakuwa umemwongezea polisi karibu siku nzima kwa kupenda neno jepesi.

Kifungu hicho cha 259 kina jambo lingine ambalo kila anayetafsiri anafaa alibandike ukutani: nakala za Katiba za lugha mbalimbali zikigongana, ile ya Kiingereza ndiyo inayotawala. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, Kifungu cha 7 kinasema hivyo. Lakini hata nakala nzima ya Katiba kwa Kiswahili ikikosea, haikuokoi, sembuse bango la WhatsApp. Piga picha mama aliyefika kwenye meza ya OB Jumamosi jioni akiwa na bango kwenye simu, akidai mwanawe aachiliwe kwa sababu saa 24 zimepita. Afisa anamsomea Katiba yenyewe, na kwa hilo afisa yuko sahihi. Kibaya zaidi, mama yule akirudi nyumbani haamini tena chochote kwenye bango lile, hata yale ya kweli. Hatajua kwamba mwanawe alikuwa na haki ya kuambiwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa. Hatajua kwamba alikuwa na haki ya kunyamaza.

Kosa la pili linalopatikana sana ni kumalizia hivi: "baada ya hapo ushtakiwe au uachiliwe." Katiba imeweka milango mitatu hapo, si miwili. Mara ya kwanza mbele ya korti, una haki ya kushtakiwa, au kuelezwa sababu ya kuendelea kuzuiliwa, au kuachiliwa. Ule mlango wa katikati ndio unaowashangaza watu. Familia inakuja kortini na mifuko tayari ya kurudi na mtu wao, kumbe upande wa mashtaka umekuja kuomba siku zaidi za kumzuilia wakichunguza. Ukiufuta mlango huo kwenye maelezo, wakati muhimu wa kupinga ombi hilo unapita watu wakiwa wametoa macho.

Kisha kuna dhamana, na hapa Kiswahili chenyewe kinatutega. Katiba inakupa haki ya kuachiliwa kwa dhamana, iwe ya kuweka pesa au ya kuweka ahadi, kwa masharti ya kadiri, isipokuwa kuwe na sababu nzito zinazolazimisha usiachiliwe. Wengi huandika "masharti nafuu". Nafuu ni rahisi, ni bei ya chini. Katiba haijaahidi dhamana ya bei ya chini. Imeahidi masharti yasiyopita kiasi, na kiasi hicho hakimu hukipima kwa kuangalia kesi na hali ya mtu. Wengine huandika "isipokuwa kuwe na sababu za kutosha". Hapo tena wamewanyima wasomaji wao haki, maana sababu ya kutosha ni nyepesi kuliko sababu inayolazimisha. Na wale wanaoandika tu "dhamana ni haki ya kila mtu, nukta", wameung'oa mlango wa "isipokuwa" na bawaba zake.

Na si makosa yote yanatokana na Kiswahili. Mengine yanatoka kwenye sinema. "Una haki ya kupiga simu moja" haimo kwenye Kifungu cha 49. Kilichomo ni haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika. Hakuna hesabu ya simu. "Utapewa wakili wa serikali" nayo imetoka nje ya kifungu hiki: wakili wa kulipwa na serikali yuko Kifungu cha 50, kwenye haki za mtu aliyeshtakiwa, na hata huko ni pale tu ambapo bila yeye haki ingepotea kwa kiasi kikubwa.

Sasa, je, haiwezekani kuandika kwa urahisi? Inawezekana. Hili hapa jaribio la sehemu ya muda:

"Ukikamatwa, lazima ufikishwe kortini haraka iwezekanavyo. Mwisho ni saa 24 tangu ukamatwe. Saa hizo zikiisha wakati si saa za kawaida za korti, kwa mfano usiku au wikendi, mwisho unasogea hadi siku inayofuata ya korti itakapoisha."

Ni sentensi tatu. Zina maneno zaidi ya bango, lakini mtoto wa darasa la nane anazielewa, na hakuna kilichoanguka njiani. Siri si kufupisha. Siri ni kuvunja sentensi moja ndefu ya kisheria kuwa sentensi kadhaa fupi, huku kila "lakini", "au" na "isipokuwa" ikibaki na kazi yake. Mifano, kama hiyo ya usiku na wikendi, lazima ionekane kuwa ni mifano. Ukiandika "isipokuwa wikendi", umesahau aliyekamatwa Jumanne usiku.

Kabla ya kutuma, fanya vitu viwili. Mpe mtu ambaye hajasoma Kiingereza cha kifungu hicho maandishi yako ya Kiswahili, ayarudishe kwa Kiingereza, kisha yalinganishe na Katiba mstari kwa mstari. Kilichopungua au kuongezeka kitajitokeza chenyewe. Kisha wape wasee watano wa mtaani swali, si mtihani wa kukariri: "Umekamatwa Ijumaa saa kumi jioni. Mwisho wa kufikishwa kortini ni lini?" Wakijibu Jumamosi, kosa si lao. Rudi ukaandike upya. Waulize pia: "Polisi wanaruhusiwa kungoja hadi dakika ya mwisho?" Wakijibu ndiyo, kuna maneno mawili uliyaacha.

Na chini ya kila bango, weka nambari ya kifungu. Si mapambo. Ni ili yule mama akifika kwenye meza ya OB aseme "Kifungu cha 49", yeye na afisa wafungue ukurasa mmoja, na kinachosomwa pale kifanane na alichonacho kwenye simu.