Umeme, umeme, umeme! Na joto je?

Wenzetu, na nyinyi ndugu wa mashirika mnaosoma hapa, leo tunabishana.

Mwaka jana tuliandika ombi dogo la mradi juu ya chemchemi za maji moto. Lilirudi na mstari mmoja: jotoardhi ni kazi ya serikali na kampuni kubwa, vijana watafute sola. Sola hatuikatai. Tunachokataa ni ile fikra iliyojificha ndani ya jibu hilo, kwamba joto la ardhini halina maana mpaka ligeuke umeme. Hata sisi vijana tunayo. Ukitaja maji moto kwenye kikao, mtu wa kwanza kunyanyua mkono atauliza, "Itatoa megawati ngapi?"

Basi tuanze na umeme wenyewe, na tuanze nyumbani Kongo. Wengi hawajui kwamba mtambo wa kwanza wa umeme wa jotoardhi katika Afrika nzima haukujengwa Kenya. Ulijengwa Kiabukwa, Katanga, mwaka 1952, ili kupeleka umeme kwenye mgodi. Chemchemi yake ilikuwa na maji ya digrii 91, kama lita 40 kila sekunde. Umeme uliotoka ulikuwa kama kilowati 200. Baada ya miaka michache ukasimama.

Sasa tupige hesabu, si ngumu. Lita moja ya maji ikipoa kwa digrii moja, inaachia joto la kilojuli 4.2. Chukua lita 40, zipoe kutoka 91 mpaka 41, yaani digrii 50. Mara 4.2, mara 40, mara 50: unapata kilojuli 8,400 kila sekunde, ambazo ndizo kilowati 8,400 za joto. Ukizigeuza umeme, unabaki na 200. Hiyo ni kama kuvuna magunia mia ya mihogo ukaleta nyumbani mawili na ushee.

Mafundi wa Kiabukwa hawakuwa wajinga. Ndivyo maumbile yalivyo: mashine ya joto inaishi kwa tofauti kati ya kilicho moto na kilicho baridi, na kati ya digrii 91 na hewa yetu ya joto tofauti ni ndogo. Olkaria wanapata umeme mwingi kwa sababu wanachimba visima vya kilomita mbili, tatu, mpaka kwenye maji ya digrii 200 na zaidi, ambayo yakipanda juu yanageuka mvuke wa kuzungusha tabo. Kisima kimoja kama hicho ni mamilioni ya dola, na kinaweza kutoka kitupu. Hapo tunakubaliana na aliyetuandikia: hiyo si kazi ya vijana wa kampi.

Lakini joto lenyewe je, zile kilowati 8,000 zilizomwagika mtoni?

Twendeni Kibiro, huku Uganda, ukingoni mwa Ziwa Albert. Pale kuna chemchemi za digrii 80 na zaidi, na wanawake wa Kibiro wanatengeneza chumvi hapo kwa mamia ya miaka. Viwanja vya chumvi ni vya wanawake, mama anamrithisha binti. Wanatandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye chumvi, jua linavuta unyevu, chumvi inapanda na kushika kwenye ule udongo. Kisha wanauchuja kwa maji, na maji ya chumvi yanayotoka wanayachemsha mpaka yakauke. Wanayachemsha kwa nini? Kwa kuni! Kando ya maji ambayo ukitumbukiza mkono ngozi inatoka. Sisi ambao dada zetu wanafukuzwa na wenyeji kwa ajili ya kuni tukisikia hivyo tunashika kichwa.

Hapa mtu wa haraka atasema: rahisi, pasha yale maji ya chumvi kwa maji ya chemchemi, halafu malizia na kuni. Hapana, fanya hesabu tena. Kupasha lita 10 kutoka digrii 25 mpaka 70 kunataka kama kilojuli 1,900. Kuzigeuza zote ziwe mvuke kunataka kama 23,000. Ukipasha tu umeokoa chini ya sehemu moja ya kumi ya kuni. Kazi kubwa iko kwenye kukausha.

Na kukausha hakulazimu kuchemsha. Nguo inakauka kambani na haijachemka. Maji ya digrii 65 kwenye sinia pana, lisilo na kina zaidi ya vidole viwili, yanapotea upesi kama upepo unapita juu yake. Unajenga mfereji wa saruji, maji ya chemchemi yanapita chini, sinia limekaa juu yake, na maji mapya hayaachi kuja, usiku na mchana. Ni polepole kuliko sufuria juu ya moto, kwa hiyo unahitaji masinia mengi, na mvua unaizuia kwa paa lililo wazi pembeni. Kuni, kama zikibaki, ni za mwisho tu. Hatujabuni kitu. Aislandi walikausha maji ya bahari kwa chemchemi za moto tangu karne ya 18, na leo kuna watu wanaouza chumvi iliyotengenezwa hivyo.

Sasa yanayoharibika, maana bila hayo mtatuita waota ndoto. Maji haya yanaacha gamba. Dalili yake ni hii: maji yanatoka mwisho wa mfereji bado moto kama yalivyoingia, ila sinia halipati joto. Chukua kipande cha gamba, kamulia ndimu. Kikitoa povu ni chokaa, siki itakisafisha. Kisipotoa povu huenda ni silika, hiyo ndimu haiiwezi, utakwangua kwa mkono. Pia maji ya chemchemi yasiguse chakula wala chumvi; katika bonde letu la ufa mara nyingi yana floraidi nyingi, na nyingine mbaya zaidi. Sinia liwe zima, bila tundu.

Na hewa. Sisi wa upande wa Goma hatuhitaji kufundishwa, tunaijua kwa jina: mazuku. Ni hewa ukaa inayotoka ardhini, nzito, haina rangi wala harufu, inalala kwenye mabonde madogo, hasa alfajiri baada ya usiku usio na upepo. Si kila maji moto yanayo, lakini kabla ya kuweka hata tofali moja unaangalia: wadudu waliokufa, ndege, panya, majani yaliyokauka peke yake kwenye shimo. Wengine wanapima kwa kushusha taa. Ikizimika, mwenye taa tayari yuko hatarini. Ndiyo maana hatutaki banda lenye kuta.

Jambo moja tunawaambia vijana wenzetu, si mashirika. Kibiro si yetu. Olkaria mwaka 2014 familia za Wamasai zilihamishwa kupisha mtambo, na malalamiko yao yakafika mpaka Benki ya Dunia. Sisi tuliohamishwa tutaenda tena kumwambia mama wa watu kiwanja chake kitumikeje? Tutakwenda na sinia moja, la kwetu, tumwombe ruhusa mwenye kiwanja. Akisema chumvi yake haitoki vizuri, tunabeba sinia letu tunarudi.

Ombi jipya tumeshaandika. Linataka mabati bapa sita, saruji mifuko minne, kipimajoto kimoja, na nauli. Kwenye fomu kuna kisanduku kinachouliza "kilowati za umeme zitakazozalishwa". Tumejaza sifuri.