Kututagi si kuturuhusu: picha za wateja pale Grande Barrière

Ndugu na dada zetu, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma, leo tunaongea juu ya picha. Siyo picha tunazopiga sisi wenyewe. Ni zile ambazo wateja wanapiga wakiwa na vitu vyetu: mifuko ya kitenge, nguo, vikapu. Wengi wetu tunaouza kuelekea Grande Barrière, hapa Gisenyi, tumeshaona kwamba picha ya mteja inauza kuliko ya kwetu. Mtu akiona mfuko umelazwa juu ya meza, anaona bidhaa. Akiuona begani kwa mama anayetoka sokoni, anajua ukubwa wake, anaona kama mkanda unabeba uzito, na anaamini kwamba kuna mtu alilipa franga zake akaridhika.

Kwa hiyo tunakubali: tuwaombe wateja wapige picha. Lakini msimamo wetu ni huu: mteja akitutagi, hajatupa ruhusa bado. Na kwa watu wa mpaka huu, hata kumtaja jina mwenye picha ni jambo la kuuliza kwanza.

Tuanze na kuomba. Wengine wanaomba palepale mteja anapolipa: "Mama, simama tukupige picha kidogo." Hapo mtu anaona haya kukataa, na picha yenyewe inatoka kama ya kitambulisho. Afadhali kuweka karatasi ndogo ndani ya mfuko, imeandikwa: "Ukiutumia huu mfuko, piga picha ututumie. Hatutaiweka popote bila kukuuliza." Kisha namba ya WhatsApp ya kazi. Mteja anakwenda nayo nyumbani, na baada ya siku chache, kama kitu kimempendeza, atatuma mwenyewe. Tusiahidi kupunguza bei kwa sababu ya picha. Ukimpunguzia bei, "ndiyo" yake tayari imenunuliwa, na wanaoiona ile picha hawajui kwamba sifa zililipwa.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Mama mmoja wa Goma alivuka, akanunua mfuko, akarudi. Kesho yake anaweka picha kwenye Story ya Instagram na kuandika jina la ukurasa wetu. Kwenye ujumbe wetu inatokea ile picha na kitufe cha `Add to your story`. Vijana wengi wanabonyeza hapohapo. Wanasema: si ametutaja mwenyewe?

Ametutaja, ndiyo, lakini aliongea na watu wake, na Story yake inaondoka baada ya saa 24. Sisi tukiichukua, inaonwa na watu asiowajua. Tukiibandika kwenye `Highlights`, inabaki pale hata mwaka mzima. Kitufe kinaonyesha kwamba programu imekubali. Mama bado hajaulizwa.

Kabla ya kumuuliza, tuitazame ile picha polepole. Nani yumo? Tuseme yumo yeye, wifi yake, na mtoto wa miaka kama minane. Nani alipiga? Kama ni wifi, au kijana aliyepita njiani, basi yule naye ana neno, kwa sababu picha ni kazi ya aliyeipiga. Nyuma kuna nini? Pale mpakani nyuma kunaweza kuwa na kizuizi chenyewe, maaskari, gari lenye namba. Maafisa wa mpaka hawapendi kituo chao kipigwe picha, na sisi hatutaki mteja wetu apate shida kwa ajili ya mfuko. Mikononi kuna nini? Wavukaji wengi wanashika jetoni au karatasi ya CPGL, na ukiikuza picha unasoma jina na namba. Hiyo inafunikwa au inakatwa, au picha inaachwa.

Halafu tunamwandikia, kwa maneno yenye kueleweka: "Mama, aksanti kwa picha. Tunaomba kuiweka kwenye ukurasa wetu wa Instagram na Facebook kwa miezi mitatu. Tutamkata mtoto asionekane. Wewe na wifi yako mnakubali? Nani alipiga? Mnataka tuwataje vipi: jina lote, jina moja tu, au bila jina? Mkisema hapana, hakuna shida."

Angalieni maneno yale: picha gani, itawekwa wapi, kwa muda gani, na watatajwa vipi. Akijibu "sawa" kwa swali kama hilo, tunajua amekubali nini. Akinyamaza, jibu ni hapana. Majibu tunayahifadhi, pamoja na tarehe, mpaka siku picha itakapoondolewa. Kuhusu mtoto, sheria ya Rwanda Na. 058/2021, ya ulinzi wa data binafsi na faragha, inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa aliye chini ya miaka 16. Shangazi peke yake hatoshi.

Juu ya jina tunaomba mtuelewe vizuri. Pengine duniani, kumtaja mwenye picha ni heshima tu. Hapa, tangu M23 walipoingia Goma mwezi wa Januari 2025, familia nyingi zimegawanyika pande mbili za mpaka, na kuna watu hawataki ijulikane wako wapi na walivuka siku gani. Picha, jina na neno "Gisenyi" vikikaa pamoja, vinasema mambo yote matatu. Kwa hiyo tunamtaja mtu vile alivyochagua. Akisema "andika tu: picha ya mteja wetu", tunaandika hivyo. Hatuweki mahali, na tunaposti siku kadhaa baadaye. Kuficha jina kwa ombi lake siyo kumnyima haki. Kumnyima haki ni kupiga skrinshoti, kukata jina lake, na kuposti kama yetu.

Kuna jambo moja la simu pia. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, ile alama ya mahali ilipopigwa kwa kawaida inaondolewa. Ikitumwa kama `Document` ili isipoteze ubora, alama inaweza kubaki ndani ya faili. Kwa hiyo faili ya namna hiyo tusiisambaze kwa wengine.

Na mteja akibadili mawazo? Sheria ileile inamruhusu kuondoa ridhaa yake wakati wowote. Tunafuta siku hiyohiyo, kurasa zote, bila kumuuliza sababu. Lakini tumwambie ukweli tangu mwanzo: tunaweza kufuta kwetu, ila kama mtu mwingine alishapiga skrinshoti, ile hatuwezi kuifuata.

Njia hii ina hasara yake. Picha nyingine nzuri tutazikosa, na nyingine zitachelewa mpaka bidhaa iwe imeisha. Tunakubali hasara hiyo.

Kwenu wa mashirika: nyinyi pia mnachukua picha za vijana kwenye kurasa zetu mnaziweka kwenye ripoti na mabango. Mnatuomba tumuulize mteja wa mfuko mmoja. Basi nanyi mtuulize sisi kwa maneno yaleyale: picha gani, wapi, kwa muda gani, na tutajwe vipi. Karatasi ya ruhusa iliyosainiwa kwenye foleni ya kupokea msaada haitoshi, kwa sababu pale nani angethubutu kusema hapana?