MUHTASARI UWE UKURASA MMOJA

Imekuwa desturi katika ofisi nyingi za umma kwamba taarifa yenye kurasa 60 hutanguliwa na muhtasari wenye kurasa sita. Muhtasari huo huanza kwa shukrani, huendelea kwa historia ya Wilaya, kisha hueleza hadidu za rejea na safari za Kamati. Mkurugenzi Mtendaji, aliyebakiwa na dakika kumi kabla ya kikao, hufika ukurasa wa tatu akaitwa. Jambo alilotakiwa kuliamua liko ukurasa wa sita. Jalada hurudi masjala, na wananchi huendelea kusubiri.

Chukua mfano wa Kamati iliyotumwa kuchunguza sababu za vitabu vya Hisabati vya Darasa la Nne kuchelewa kufika shuleni. Muhtasari wake wasema: "Kwa kuzingatia umuhimu wa elimu kwa Taifa, Kamati ilibaini kuwepo kwa matatizo mbalimbali katika suala zima la usambazaji wa vitabu, na inapendekeza juhudi zaidi zifanyike ili kuboresha hali hiyo." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Lakini ni shule ngapi? Kwa sababu gani? Nani afanye nini, na lini?

Chanzo cha ugonjwa huu ni kwamba mwandishi hufupisha taarifa sura kwa sura. Hivyo muhtasari hufuata mpango wa kazi ya Kamati, ilhali Mkurugenzi anahitaji mpango wa uamuzi. Kukata maneno hapa na pale hakuponyi kitu. Yafaa mwandishi aifunike taarifa, ajiulize Mkurugenzi anatakiwa kuamua nini, na jibu alifanye sentensi ya kwanza. Baada ya hapo kila jambo lililogunduliwa lifuatwe na pendekezo lake. Pendekezo lisilo na ugunduzi nyuma yake ni maoni tu. Ugunduzi usiozaa pendekezo mahali pake ni ndani ya taarifa.

Kwa njia hiyo, Kamati ile ingeandika hivi:

"Mkurugenzi anaombwa kuidhinisha mambo mawili. Kati ya shule 40, shule 12 zilikuwa hazijapata vitabu hadi mwezi Mei. Shule 9 ziko ng'ambo ya mto: vitabu vilifika bohari tarehe 3 Februari, lakini gari liliondoka tarehe 24 Machi, masika yakiwa yamekwisha kukata njia (uk. 22). Afisa Ugavi avitoe vitabu vya shule hizo ndani ya siku 10 baada ya kupokelewa, kwa gari la kukodi kwa siku nne. Fedha zimo katika fungu la usafirishaji. Shule 3 hazikuwasilisha idadi ya wanafunzi (uk. 31). Afisa Elimu azipokee idadi zote kabla ya tarehe 31 Oktoba. Kamati ilifika shule 30. Walimu wakuu wa shule 10 walihojiwa kwa simu."

Wako wanaohofu kwamba ufupi huficha ukweli. Hofu hiyo ina msingi, kwani mwandishi mwenye haraka huondoa kwanza sentensi ya shaka, kama hiyo ya mwisho. Hiyo ndiyo isiyopaswa kuondolewa, maana humwonyesha Mkurugenzi mipaka ya ushahidi. Namba za kurasa nazo humfungulia mlango wa kuhakiki. Ufupi wa uongo ni ule wa kupunguza ukubwa wa herufi na kubana pambizo, ili kurasa mbili zionekane moja.

Wala dai hili si geni. Tarehe 9 Agosti 1940, Uingereza ikiwa vitani, Waziri Mkuu Winston Churchill aliwaandikia wenzake serikalini waraka akilalamika kwamba taarifa nyingi ni ndefu mno. Aliagiza hoja kuu ziwekwe katika aya fupi, na uchambuzi mrefu na takwimu vipelekwe katika kiambatisho.

Kabla ya kutia saini, mwandishi ampe ukurasa wake mtumishi mwenzake asiyeisoma taarifa, kwa dakika mbili, kisha auchukue. Amwulize: ni nini kinachoamuliwa, kwa sababu gani, na nani atatekeleza lini? Akisitasita, kosa si lake. Ukurasa uandikwe upya. Halafu kila tarakimu ilinganishwe na ile iliyomo ndani ya taarifa, kwani tarakimu moja ikitofautiana, Mkurugenzi ana haki ya kuzishuku zote.

Kazi hii yaweza kumchukua mwandishi asubuhi nzima. Asubuhi hiyo ni ndogo ikipimwa na mtoto wa ng'ambo ya mto aliyekaa hadi Mei bila kitabu.