Usiifute Nukta Iliyojitenga

Wako wanafunzi ambao, wakiona nukta moja imekaa mbali na wenzake katika grafu, hushika kifutio mara moja. Wengine huusogeza mstari ili uikaribie. Nasema wazi kwamba wote wamekosa: wa kwanza ameficha ushahidi, na wa pili amewadhulumu mashahidi wengi kwa ajili ya mmoja.

Chukua mfano wa springi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa moyo wa mizani za kuning'iniza katika vituo vya kununulia majani chai vya Kericho na Bomet. Tundika gramu 100 kwenye springi ya maabara, kisha 200, hivyo hivyo hadi 600, ukiandika kila mara urefu ulioongezeka. Tuseme umepata sentimita 2.1, 3.9, 6.1, 10.0, 9.9 na 12.0. Ukizitia katika grafu, utaona nukta tano zimejipanga, na ile ya gramu 400 imeruka juu peke yake.

Sasa laza rula inayopenya nuru, upate kuona nukta za pande zote mbili. Mstari bora haulazimiki kugusa kila nukta. Hupita katikati yao, nyingine zikibaki juu kidogo na nyingine chini kidogo. Hapa utapanda sentimita 2 kwa kila gramu 100. Ukiuinua ili kuiridhisha ile iliyojitenga, zile tano zote zitabaki chini yake. Hiyo ndiyo dalili ya mstari uliopotoka.

Basi izungushie duara, uiache nje ya mstari, kisha uiulize imetoka wapi. Kwa mujibu wa mstari, gramu 400 huongeza sentimita 8. Wewe uliandika 10. Zimezidi 2, ambazo ni kazi ya gramu 100 hasa. Yamkini jiwe moja la ziada lilisahauliwa kwenye ndoano. Pima tena. Ukipata 8.1, andika kipimo kipya kando ya kile cha kwanza. Aliyefuta hana la kuuliza, wala hana kosa la kusahihisha.

Utaniambia kwamba grafu safi hupendeza macho. Je, kama nukta zinazopanda juu ya mstari ni zile za mwisho, za mizigo mizito, na ukipima tena zinarudi pale pale? Hapo hakuna kosa la mkono. Springi imevutwa kupita kiasi chake, na ukiondoa mzigo huenda isirudie urefu wake wa awali. Mizani yenye springi kama hiyo itamdhulumu mtu, awe muuzaji au mnunuzi. Kifutio chako kingalifuta habari iliyo kubwa kuliko zote.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Acha nukta ionekane.