Wino Hasi Si Cheti cha Afya

Mwandishi wa makala iliyopita anadai kuwa kipimo cha wino kikitoka hasi, mgonjwa hana homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi. Sikubaliani naye hata kidogo. Wino hauitii hamira hii rangi. Chembe zake za kaboni hushindwa kupenya ganda nene la utelezi, ndiyo maana seli huonekana ndani ya duara jeupe lenye ukingo mkali, pengine ikiwa na chipukizi. Lakini lazima seli ziwemo kwenye tone lile! Mgonjwa akiwahi hospitali, huwa chache, na tone la maji ya uti wa mgongo yasiyozungushwa kwenye mashine laweza kukosa hata moja. Mwenye VVU anayeumwa kichwa apimwe antijeni siku hiyohiyo, wino useme usemavyo.