Kitenge si satini: kuieleza nguo kwa programu ya picha

Mwezi huu najibu swali la dada mmoja anayeishi Leicester. Anauza mtandaoni magauni ya kitenge ambayo shangazi yake hushona Mombasa. Hana pesa za mpiga picha wala za mwanamitindo, kwa hiyo huitandaza nguo kitandani, huipiga kwa simu, kisha huipeleka picha hiyo kwenye programu ya akili mnemba na kuiandikia maelekezo imvishe mwanamke. Picha zinatoka za kuvutia, na magauni yananunuliwa. Lakini matatu yamerudishwa, na wateja wote watatu wamelalamika jambo moja: kwenye picha nguo ilikuwa laini, iliyofika ni ngumu.

Nilimwomba anitumie maelekezo aliyoandika. Yalikuwa haya: "Mwanamke Mwafrika amevaa gauni refu zuri la kitenge, la kifahari, picha ya kitaalamu." Dada yangu, hapo hujaeleza kitambaa hata kidogo. Programu hizi zimejifunza kwa kupitishiwa picha nyingi sana, na palipo na pengo hulijaza kwa kile ilichozoea. Neno "kifahari" linavuta magauni ya satini na hariri, ndiyo maana kitenge chako kimepewa mng'aro na kimeshuka kama maji. Ondoa sifa zote. Mahali pake andika mambo matatu ambayo jicho linayaona: uso wa kitambaa, namna kinavyoshuka, na mshono.

Tuanze na uso. Kitenge ni pamba, na kimefumwa kwa njia ya kawaida kabisa, uzi mmoja juu, mmoja chini. Nyuzi za pamba ni fupi na zimesokotwa, kwa hiyo mwanga ukizipiga hutawanyika huku na huku. Kwenye satini kila uzi hupita juu ya nyuzi kadhaa kabla ya kuzama, na mwanga hurudi kama kwenye kioo. Ukitaka kujua nguo yako iko upande gani, isimamie dirishani na uigeuze taratibu. Ukiona mstari mweupe unatembea juu ya mikunjo, inang'aa. Usipouona, haing'ai. Kitenge kipya huwa na wanga unaokipa mng'aro kidogo, nao hutoka kikifuliwa, kwa hiyo kiangalie katika hali atakayokipokea mteja.

Hapa kuna mtego. Ukiandika "bila mng'aro", programu nyingi hulishika neno mng'aro na kuliacha lile "bila". Andika kilichopo, si kisichopo: "uso mkavu kama shuka la pamba lililopigwa pasi".

Jambo la pili ni kushuka kwa kitambaa. Kwanza pima uzito, na mizani ya jikoni inatosha. Nilichukua kitenge cha yadi 6, yaani mita 5.49, chenye upana wa mita 1.17. Ukizidisha unapata karibu mita za mraba 6.4. Kilikuwa na gramu 770, ambazo ukizigawa kwa 6.4 ni gramu 120 kwa kila mita ya mraba. Lakini uzito peke yake hautoshi, kwa sababu reyoni ya dera inaweza kuwa na uzito huohuo na bado ikamwagika. Kwa hiyo geuza bakuli mezani, lifunike kwa pindo la nguo, kisha hesabu mikunjo inayojitengeneza pembeni. Reyoni huteremka na kulishika bakuli kwa mikunjo mingi myembamba. Kitenge hutoka nje kwanza, kisha hushuka kwa mikunjo michache, mipana, yenye kona.

Ulichokiona kwenye bakuli ndicho unachokiandika. Kwa gauni la shangazi, lenye kiuno kilichokatwa na sketi iliyopanuka, tuliandika hivi: "Gauni la pamba nzito kiasi, uso mkavu kama shuka la pamba lililopigwa pasi. Sketi inasimama mbali na miguu, ina mikunjo minne au mitano mipana kuanzia kiunoni hadi chini. Mabega na mikono inashika umbo lake. Pindo la chini limenyooka. Mwanga wa dirisha kutoka upande wa kushoto. Nakshi na rangi zibaki kama zilivyo kwenye picha niliyoweka." Kama unaandika kwa Kiingereza, beba maelezo hayohayo, usirudishe sifa.

Ule mwanga wa upande una kazi yake. Mwanga wa mbele huondoa vivuli vyote, na bila kivuli huwezi kuona mkunjo wala unene wa kitambaa.

Jambo la tatu ni mshono, na hapa maneno yana mpaka. Unaweza kutaja mahali mishono ilipo: kiunoni, begani, upande wa zipu. Lakini usiiache programu ikutengenezee picha ya karibu ya mshono. Haishoni, inachora kitu kinachofanana na mshono. Ukivuta picha karibu utakuta mstari wa uzi unaofifia katikati ya njia, mshono wa kiuno usiofika ubavuni, au nakshi inayovuka mshono bila kukatika hata kidogo. Katika nguo halisi nakshi hukatika pale vipande viwili vinapokutana, isipokuwa fundi amezilinganisha makusudi.

Mshono upige mwenyewe kwa simu. Laza nguo mezani karibu na dirisha, weka rula kando ya mshono, na piga upande wa nje na wa ndani. Hesabu mishono ndani ya sentimita 2.5. Shangazi ameweka 10, kila mmoja milimita 2.5, na huo ni mshono mzuri kwa gauni la kitenge. Iandike namba hiyo dukani, pamoja na kueleza kama kingo za ndani zimezungushiwa uzi ili zisichanike. Mteja anayejua nguo hutazama ndani kwanza.

Picha ikishatoka, ning'iniza gauni lenyewe kando ya skrini kabla ya kuipandisha. Linganisha mambo manne: idadi ya mikunjo, mng'aro, ukubwa wa maua ya kitenge, na mahali mishono ilipo. Ukubwa wa maua ndio unaoponyoka zaidi. Ua la upana wa kiganja hurudi likiwa na upana wa sarafu. Likitofautiana moja tu, picha hiyo ifute. Kisha chini ya picha andika wazi kwamba imetengenezwa kwa programu, na kwamba picha za mshono ni za nguo halisi.

Kwa tulio Uingereza hili si suala la adabu tu. Sheria ya haki za wateja ya 2015 inataka bidhaa ilingane na maelezo yake. Isipolingana, mteja ana siku 30 za kuikataa na kurudishiwa pesa zake zote, na gharama ya kuirudisha ni yako.

Dada yetu ameshabadilisha picha za yale magauni matatu. Sketi sasa imesimama kama ya kitenge, na chini yake ameandika: "Pamba, gramu 120, kitambaa kina ugumu kidogo, kitalainika ukikifua." Anayetaka nguo ya kumwagika atajua mapema kwamba anatafuta dera.