"Nivumilie" Haitoshi

Wapangaji wengi humwandikia mwenye ploti: "Nivumilie, nitalipa pole pole." Naona ujumbe huo haumsaidii yeyote, maana hauna kiasi wala tarehe. Tuseme nyumba yako hapa Matisi ni 4,000 na umekosa kulipa miezi mitatu. Andika hivi:

"Habari Mama. Nina deni la 12,000, kodi ya Januari hadi Machi. Kuanzia Aprili nitatuma 6,000 kila tarehe 5: 4,000 ya mwezi huo, 2,000 ya deni. Deni litaisha Septemba. Ukikubali, tafadhali nijibu hapa."

Usiahidi 2,000 pekee bila kutaja kodi ya mwezi. Ukituma hiyo tu, deni litaongezeka 2,000 kila mwezi. Na usifute meseji za malipo.